Wabunifu Wanaijuaje Rangi ya Mwakani? Njia Tatu Wanazosoma, na Sisi Wauzaji Tuzitumieje



Wauzaji wenzangu wananiuliza sana swali hili: "Hivi hawa wabunifu wa mavazi wanajuaje kwamba mwakani watu watataka rangi fulani? Wanakaa kikao wakatuamulia, au wanabahatisha?" Leo nalijibu kwa urefu, maana kwetu sisi tunaouza mtandaoni swali hili lina hela ndani yake. Gauni linaweza kuwa zuri, kitambaa kizuri, bei nzuri, na bado likadoda kwa sababu rangi yake imeshapita. Mtaji ukiwa umetundikwa kwenye henga hauzunguki, na kodi ya nyumba haisubiri.

Nauza magauni na mikoba, mzigo mdogo mdogo, mwingi unatoka China kwa meli. Kwa hiyo ninapoamua rangi leo, mteja ataiona baada ya miezi mitatu au minne. Mbunifu wa Paris naye yuko kwenye shida hiyohiyo, tofauti ni kwamba yeye anaamua mwaka mzima au zaidi kabla. Ndiyo maana njia zake zinatufaa.

Jibu fupi ni hili: hawabashiri kama waganga. Wanasoma vitu vitatu ambavyo kila kimoja kina mwendo wake. Rangi inasogea polepole, kwa miaka. Matukio ya jamii yana tarehe zake, mengi yanajulikana mapema. Mtaa unabadilika kwa wiki na miezi. Kimoja peke yake kinadanganya. Vikikubaliana viwili au vitatu, hapo mtu anatoa hela. Nitaeleza kwa mfano mmoja ambao wengi mmeuona kwa macho yenu: safari ya pinki kali kwenda damu ya mzee, kisha kahawia.

1. Rangi: haziruki, zinahamia kwa jirani

Kwanza elewa kwa nini rangi lazima iamuliwe mapema. Nguo inaanza na uzi. Uzi unatiwa rangi, unafumwa kitambaa, kitambaa kinauzwa kwa wabunifu, mbunifu anashona sampuli, sampuli inaoneshwa jukwaani, wenye maduka wanaagiza, kiwanda kinashona, meli inabeba. Kila hatua inakula wiki au miezi. Kuna umoja unaitwa Intercolor, wenye wawakilishi wa nchi mbalimbali, ambao hukutana mara mbili kwa mwaka kuzungumzia rangi za takriban miaka miwili mbele. Baada ya hapo yanakuja maonesho ya nyuzi kama Pitti Filati kule Florence, Italia, halafu maonesho ya vitambaa kama Première Vision kule Paris. Maonesho ya jukwaani unayoyaona kwenye simu yanakuja mwishoni, kama miezi sita kabla nguo haijaingia dukani.

Ndiyo kusema sehemu ya utabiri inajitimiza yenyewe. Viwanda vingi vikishatia rangi uzi wa kahawia, kahawia itakuwa sokoni hata kama hakuna aliyeiomba. Lakini kuwepo sokoni siyo kununuliwa. Kazi ya mtabiri ni kujua ipi kati ya hizo zilizopikwa watu wataipokea.

Na hapa wanatumia kanuni moja rahisi: jicho linachoka, lakini halihami mbali. Mtu aliyejaza kabati pinki kali hatoki hapo akaenda kununua kijani cha jeshi. Anatafuta kitu kinachoendana na alivyo navyo, ila kisimchoshe. Kwa hiyo anahamia rangi ya jirani.

Angalia ilivyokwenda. Mwaka 2016 kampuni ya Pantone, ambayo kila Desemba hutangaza rangi ya mwaka unaofuata, ilikuwa imechagua rangi mbili, na moja ilikuwa Rose Quartz, pinki mpauko sana. Miaka iliyofuata pinki hiyo laini ilijaa kila mahali: simu, sofa, kuta za migahawa. Machi 2022 kule Paris, mbunifu Pierpaolo Piccioli wa Valentino akatoa mkusanyiko uliotawaliwa na pinki moja kali inayochoma macho. Desemba 2022 Pantone wakatangaza rangi ya 2023: Viva Magenta, pinki iliyokwishaelekea kwenye wekundu. Septemba 2023 kule Milan, Sabato De Sarno akaonesha mkusanyiko wake wa kwanza Gucci, na rangi aliyoisimamisha mbele ilikuwa nyekundu iliyoiva, yenye giza. Mwaka 2024 damu ya mzee ikawa kila kona, kuanzia mikoba hadi kucha. Desemba 2024 Pantone wakatangaza rangi ya 2025: Mocha Mousse, kahawia laini kama kahawa yenye maziwa.

Soma tena mstari huo polepole: pinki mpauko, pinki kali, pinki yenye wekundu, nyekundu yenye giza, damu ya mzee, kahawia. Hakuna hata mruko mmoja. Kila hatua ni jirani wa iliyopita.

Sasa tahadhari, maana hapa ndipo watu wanajidanganya. Ukiangalia nyuma njia inaonekana imenyooka. Ukiwa katikati, jirani ni zaidi ya mmoja. Pinki kali ingeweza kwenda kwenye wekundu, na ingeweza pia kwenda kwenye zambarau. Kampuni kubwa ya utabiri inayoitwa WGSN, ikishirikiana na Coloro, ilishatangaza tangu 2021 kwamba rangi ya 2023 ni Digital Lavender, yaani zambarau mpauko. Pantone wao wakasema Viva Magenta. Mwaka 2025 hali ni ileile: Pantone kahawia, WGSN na Coloro rangi iliyoitwa Future Dusk, buluu ya giza yenye zambarau ndani. Wataalamu wa kazi hii, wenye watu na takwimu, wametaja rangi tofauti kwa mwaka uleule.

Kwa hiyo rangi ya mwaka usiichukue kama amri. Itumie kupata orodha ya majirani wawili watatu. Nani kati yao atakaa, hilo unaliuliza matukio na mtaa.

Jambo jingine: tangazo la Desemba siyo habari ya mapema. Linapotoka, vitambaa vya mwaka unaofuata vimeshatiwa rangi na vingine vimeshashonwa. Kwa muuzaji mdogo linafaa kuthibitisha kile ulichokuwa umeshaanza kukiona, siyo kukuanzisha safari.

2. Matukio: yale yenye tarehe

Rangi inapata nguvu pale inapopata tukio la kuvaliwa. Rudi kwenye pinki. Machi 2022 ilikuwa rangi ya jukwaani tu. Aprili 2022, kwenye mkutano wa wenye majumba ya sinema kule Las Vegas, Warner Bros. wakaonesha picha ya kwanza ya filamu ya Barbie: Margot Robbie ndani ya gari la pinki. Juni mwaka huohuo zikavuja picha za filamu ikipigwa ufukweni Los Angeles, waigizaji wamevaa rangi kali, na mitandao ikawaka. Filamu yenyewe ilitoka Julai 21, 2023.

Hesabu: toka picha ya kwanza hadi filamu kuingia sinema ni karibu miezi 15. Yaani zaidi ya mwaka mzima, kila mtu aliyekuwa na simu alikuwa na tarehe mkononi. Hakuhitaji kuwa mtaalamu, alihitaji kujiuliza tu: siku hiyo watu watavaa nini kwenda sinema, na kwenye sherehe za watoto? Aliyeagiza pinki mwezi filamu inatoka, mzigo wake ulifika watu wameshaivaa na kupiga picha. Aliyeagiza mapema mwaka 2023 alikuwa na mali siku ya kilele.

Kwetu huku matukio yenye nguvu zaidi siyo filamu. Ni sikukuu na sherehe. Na sherehe zetu zina kitu ambacho mbunifu wa Ulaya angekitamani: rangi inatangazwa kabla! Sendoff, kitchen party, harusi, zote zina kamati, na kamati inachagua rangi ya siku hiyo na kuitangaza kwenye grupu la WhatsApp. Wageni wanatafuta nguo ya rangi hiyo, au angalau isiyogombana nayo.

Lakini ukisubiri tangazo la grupu umechelewa, mzigo wako uko baharini. Anayejua mapema ni mpambaji. Yeye anapewa oda ya ukumbi miezi kadhaa kabla, na anaulizwa rangi ili akatafute vitambaa na maua. Nina dada wawili watatu wapambaji ambao kila baada ya miezi miwili nawapigia na kuwauliza swali moja tu: "Dada, hizi oda ulizo nazo mkononi, rangi zipi zinajirudia?" Siulizi jina la mteja wala bei. Sauti ya simu dakika tano, na nimeshajua kitu ambacho wauzaji wengi watakijua baada ya miezi mitatu. Wauza vitambaa vya sare nao ni hivyohivyo, na mafundi wanaoshona nguo za kamati.

Upande wa sikukuu, shika kalenda mbili kwa pamoja: ya mteja wako na ya kiwanda. Idi inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo usitumie tarehe ya mwaka jana. Kwaresma na Ramadhani sherehe za harusi zinapungua, halafu baada ya Pasaka na Idi zinafumuka. Na kiwanda cha China kina Mwaka Mpya wao, kati ya Januari 21 na Februari 20, ambapo wafanyakazi wanaondoka kwenda makwao na kazi inasimama kwa wiki kadhaa. Hizo kalenda zikigongana, zinakuamulia siku ya kuagiza kabla hata hujafikiria rangi. Nitaonesha kwa hesabu hapo chini.

3. Mtaa: kuhesabu, siyo kutazama

Kuna mpiga picha wa gazeti la New York Times aliyeitwa Bill Cunningham, alifariki 2016. Kwa miongo alizunguka New York kwa baiskeli, na mara nyingi alisimama kwenye kona ileile, Fifth Avenue na barabara ya 57, akipiga picha za wapita njia. Hakuwa anatafuta mtu aliyependeza kuliko wote. Alikuwa anatafuta kitu kilekile kwa watu tofauti wasiojuana. Mmoja akivaa koti fulani ni mapenzi yake. Wakivaa kumi wasiojuana, hiyo ni habari.

Wabunifu mpaka leo wanatuma watu kufanya hivyo, na wewe unaweza kufanya bila gharama. Chagua sehemu moja, siku moja, saa moja. Kwangu ni Jumamosi saa kumi jioni, nje ya jengo la maduka. Unaweza kuchagua kituo cha mwendokasi, geti la chuo, au watu wanapotoka kanisani. Hesabu wanawake 100 wanaopita. Kwa kila rangi unayoifuatilia, weka kijiti kwenye daftari. Rangi mbili au tatu zinatosha, ukifuatilia kumi utachanganyikiwa. Rudia baada ya wiki mbili, palepale.

Usihangaike sana na namba yenyewe. Angalia inavyosogea. Rangi iliyo kwenye 12, ikabaki 12, ikabaki 12, imefika kimo chake. Iliyotoka 3 ikaenda 5 ikaenda 9, hiyo inapanda, ingawa bado ni ndogo. Hapo ndipo wengi tunakosea kusoma, tunavutwa na rangi iliyojaa badala ya ile inayokua.

La pili, andika ni nani. Msomi mmoja Mmarekani, Everett Rogers, kwenye kitabu alichokitoa 1962 aligawa watu wanavyopokea jambo jipya: wachache kabisa wa mwanzo asilimia 2.5, wanaofuata 13.5, halafu kundi kubwa la kwanza 34, kundi kubwa la pili 34, na wa mwisho 16. Kwetu unaliona hili kwa rika na shughuli. Rangi ikiwa kwa mabinti wa chuo na wanamitindo wa mitandaoni tu, bado ni ya mwanzo. Ikianza kuonekana kwa dada wa benki na mwalimu, kundi kubwa linaingia, na hapo ndipo hela ilipo. Ikifika kwenye ndala, mabeseni na kava za simu za barabarani, hao ni wa mwisho.

Usichukue asilimia hizo kama kipimo cha daftari lako lakini. Mtu mwenye gauni la kahawia halivai kila Jumamosi. Watu 9 kati ya 100 wanaoonekana siku moja, maana yake walio nayo kabatini ni wengi zaidi ya 9. Kwa hiyo ukisubiri mpaka uone 16 ndipo uagize, umechelewa.

Kuhusu mtumba, watu wengi wanauangalia wakidhani unaonesha mtindo unaokuja. Mtumba ni kioo cha nyuma: ni nguo zilizonunuliwa mpya huko ng'ambo miaka iliyopita. Cha kuangalia siyo kilichomo ndani ya belo, ila kile vijana wajanja wanachokigombania kwenye belo. Hiyo ndiyo ishara. Wabunifu wenyewe wanazunguka masoko ya nguo kuukuu kwa sababu hiyohiyo.

Na mtandaoni? Google Trends inasaidia, ukiingia `trends.google.com` ukachagua Tanzania au Kenya. Ila elewa namba zake: 100 siyo watu mia, ni kilele cha kipindi ulichochagua, na namba nyingine zinapimwa kwa kilele hicho. Ukitafuta neno ambalo watu wachache wanaliandika, mchoro unakuwa meno meno, unapanda leo unashuka kesho, na hauna maana. Tumia neno pana kama "gauni la sendoff" uone miezi gani watu wanatafuta. Kwa rangi, daftari la mtaani linanifaa zaidi.

4. Zote tatu kwa pamoja: Desemba 2024

Sasa tuweke kazini. Mwanzoni mwa Desemba 2024 nilikuwa na 600,000 ya magauni ya Idi, kila gauni likinifikia kwa 15,000. Yaani magauni 40.

Nilianza na kalenda. Idi ilitegemewa karibu na Machi 30, 2025, na Ramadhani kuanza karibu na Machi 1. Wateja wangu wananunua kuanzia wiki ya kwanza ya mfungo, kwa hiyo mali lazima iwe mkononi Februari mwishoni. Mzigo wa meli nauwekea siku 60 toka utoke China mpaka niushike, ili nisiwe na presha. Hiyo inanirudisha mwishoni mwa Desemba. Kiwanda nakipa wiki mbili za kushona na kukusanya. Kwa hiyo mwisho wa kuweka oda ni katikati ya Desemba. Mwaka Mpya wa Wachina ulikuwa Januari 29, na viwanda vinaanza kulegea wiki mbili tatu kabla, hivyo kusubiri Januari kulikuwa hakuna. Ingebaki ndege tu, na kilo ya ndege ingekula faida yote.

Kwa maneno mengine, Desemba nilikuwa naamua rangi ambayo mteja ataitaka Machi. Miezi mitatu mbele.

Nikasoma rangi. Damu ya mzee ilikuwa imejaa. Jirani zake ni wawili: kahawia, na upande wa pili zambarau ya giza. Pantone walikuwa ndiyo wametoka kutangaza kahawia, WGSN walishataja ile buluu yenye zambarau. Orodha yangu ikawa ya majirani hao wawili.

Nikafungua daftari. Toka Oktoba hadi mwisho wa Novemba, damu ya mzee ilikuwa 12, 13, 12. Imesimama. Kahawia 4, 5, 9, na zile 9 hazikuwa mabinti peke yao, kulikuwa na wadada wa ofisini. Zambarau ya giza 1, 2, 1.

Nikapiga simu kwa wapambaji watatu. Wawili walikuwa na oda za baada ya Pasaka zenye kahawia na dhahabu. Wa tatu akaniambia zake ni krimu na kijani. Hakuna aliyetaja zambarau.

Kahawia ilikuwa imekubaliwa na wote watatu: jirani, tukio, mtaa. Lakini sikununua magauni 40 ya kahawia, na hapa nakuomba usikilize vizuri. Utabiri unakuambia upande upepo unakoelekea, haukuambii vipande vingapi. Kwa hiyo niligawa hivi. Magauni 24 rangi zisizokufa: nyeusi, krimu, buluu ya bahari. Magauni 12 rangi zenye ushahidi: kahawia 8, damu ya mzee 4, kwa sababu iliyosimama bado ina wateja ila haikui. Magauni 4 ya kujaribu, zambarau ya giza, kwa hesabu kwamba yakikwama nimeshikwa 60,000 tu, asilimia 10 ya mtaji.

Kahawia ziliisha kabla ya nusu ya mfungo. Damu ya mzee ziliisha wiki ya Idi. Zambarau mbili zilienda kwa bei kamili, mbili zikakaa mpaka Mei na kutoka kwa bei ya kununulia. Hiyo 30,000 iliyokwama mpaka Mei ndiyo ada niliyolipa kujua kwamba jirani yule, kwa wateja wangu, muda wake ulikuwa bado. Mwenye wateja wengine angeweza kupata jibu tofauti.

5. Utabiri unapoishia

Rangi inasafiri vizuri, kitambaa na umbo havisafiri hivyo. Jukwaa la Milan la Septemba ni la majira ya joto ya Ulaya, na la Februari ni la baridi yao. Sufi na makoti hayatuhusu Dar, lakini rangi ya koti inaweza kutua kwenye gauni la shifoni. Chukua rangi, umbo mwachie mteja wako, yeye ndiye anajua mkono uwe mrefu kiasi gani.

Jina la rangi moja lina sura nyingi. Kahawia ipo yenye wekundu, ipo yenye njano, ipo yenye kijani inayoelekea ugoro. Unaweza kutabiri sawa ukaletewa sura isiyo sahihi. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji video ya kitambaa nje kwenye mwanga wa mchana, kikiwa juu ya karatasi nyeupe. Karatasi ikionekana ya njano au ya buluu kwenye video, ujue na rangi ya kitambaa unayoiona siyo yenyewe.

La mwisho ni kujua lini uache. Kilele kina dalili, na kwa muuzaji wa mtandaoni dalili ya kwanza iko kwenye inboksi. Rangi inapopanda mteja anauliza "Bado ipo?" au "Saizi yangu ipo?" Inapofika kileleni anauliza "Mwisho bei gani?" Maswali ya bei yakizidi maswali ya saizi kwa rangi moja, ni kwa sababu mteja ameshaiona kwa wauzaji watano. Dalili ya pili: picha uliyoletewa na muuzaji wa China unaikuta kwa wenzako wanne wiki moja. Dalili ya tatu: daftari limesimama mara tatu mfululizo. Ukiziona mbili kati ya hizo usiagize tena, hata kama leo imeuza. Uza uliyonayo kwa bei yake, hela hiyo ianze kumtafuta jirani anayefuata.

Kwa hiyo Jumamosi hii chukua daftari, chagua rangi mbili, hesabu watu 100. Rudi baada ya wiki mbili, halafu wiki mbili tena. Ukishakuwa na namba tatu, mpigie mpambaji mmoja, kisha fungua kalenda uhesabu kurudi nyuma. Ukimaliza hapo, tuandikie kwenye maoni rangi yako ni ipi, imetoka ngapi imefika ngapi, na uko mji gani. Mwanza na Mombasa hazivai sawa, na namba zenu zitatufundisha wote.